Nyumba ya Urithi Yenye Rehani: Mambo ya Kufanya Kabla Hujasaini Chochote Benki

Jirani yangu alifiwa na baba yake, na mwezi uliofuata nilimsindikiza benki kuuliza deni la nyumba limebaki kiasi gani. Ofisa mikopo alimpa pole, akatukalisha, kisha akatoa karatasi moja. "Saini hapa chini, dada, ili mkopo uendelee bila usumbufu." Karatasi ilikuwa na aya tatu. Ya pili ilisema kwamba aliyesaini anakubali kulipa deni lote la marehemu, pamoja na riba na gharama zake. Kalamu ilikuwa imeshashikwa. Nilimgusa kiwiko, tukaomba kwenda kuisoma nyumbani, na ile karatasi haikurudi tena benki.

Kabla ya saini ile, dada huyu hakuwa na deni. Mwenye deni alikuwa marehemu, na kilichoshikwa ni nyumba. Baada ya saini, mshahara wake na akiba yake vingeingia katika deni ambalo hakulikopa. Sidhani ofisa alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake ni kupata mtu hai wa kumdai.

Tenganisha vitu viwili: ahadi na rehani

Mtu akikopa kwa dhamana ya nyumba, anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Anaahidi kulipa, kisha anaweka nyumba rehani ili ahadi isipotimizwa mkopeshaji awe na cha kushika. Akifariki, mambo haya mawili yanaachana.

Ahadi ilikuwa yake yeye. Inabaki kuwa deni la mirathi yake, yaani linalipwa kutokana na mali aliyoiacha, na mali ikiisha deni hilo halina pa kwenda. Rehani inafuata nyumba. Nyumba ikihamia kwa mjane, kwa mtoto, au kwa mnunuzi wa pembeni, rehani inahamia nayo hadi ilipwe na kufutwa kwenye daftari la hati. Ndiyo maana mkopeshaji hana haki ya kukudai wewe kama mtoto wa marehemu, ila ana haki ya kuiuza nyumba unayolala ndani yake. Watu wengi wanashika nusu moja tu ya habari hii. Kuna wanaolipa kwa hofu deni lisilo lao, na kuna wanaokaa kimya wakiamini deni limezikwa na mwenyewe, mpaka siku dalali wa mnada anapobisha hodi.

Wapo wanaodaiwa wao wenyewe. Wa kwanza ni aliyekopa pamoja na marehemu: mume na mke waliosaini mkataba wote wawili, aliyebaki anadaiwa deni lote, si nusu. Wa pili ni mdhamini. Wa tatu ni yule aliyesaini karatasi kama ile niliyoitaja. Na katika nchi zenye sheria za asili ya Kirumi, mrithi anayepokea urithi bila masharti anaweza kubeba na madeni yake hadi kwenye mali yake binafsi, kwa hiyo kule kuna muda maalumu wa kukataa. Ujerumani, kwa mfano, muda huo kwa kawaida ni wiki 6 tangu mrithi ajue kwamba amerithi. Ukiwa chini ya sheria za aina hiyo, hesabu siku zako kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 1: Mjulishe mkopeshaji kwa barua, uombe nyaraka

Marejesho ya mkopo wa nyumba mara nyingi yanakatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopaji. Benki ikijua amefariki, akaunti inafungwa, na makato yanasimama siku hiyohiyo. Hakuna anayepiga simu kuwaambia warithi. Miezi mitatu ikipita, tayari kuna malimbikizo, riba ya adhabu, na barua za onyo zinazotumwa kwa jina la marehemu, pengine kwenye anwani ambayo hakuna anayeifungua tena.

Kwa hiyo andika barua mapema. Ambatisha nakala ya cheti cha kifo, taja namba ya mkopo ukiijua, na toa anwani mpya ya kupokelea barua. Omba nyaraka hizi: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, taarifa ya mkopo inayoonyesha salio la siku ya kifo, nakala ya bima ya mkopo kama ipo, na orodha ya madeni mengine yote yanayolindwa na nyumba hiyo. Hilo la mwisho lina maelezo yake hapo chini.

Benki inaweza kukujibu kwamba taarifa za mteja ni siri, na itazungumza tu na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini kupokea taarifa ya kifo hawawezi kukataa, na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ni ushahidi mzuri baadaye mkibishana kuhusu riba za adhabu.

Katika barua hiyo epuka maneno "tutalipa" au "tunakubali deni". Andika "tunaomba taarifa za mkopo wa marehemu". Inatosha.

Hatua ya 2: Tafuta bima kabla ya kutafuta pesa

Mikopo mingi ya nyumba inakuja na bima ya maisha ya mkopaji. Ada yake huwa imefichwa ndani ya rejesho la mwezi au ilikatwa mara moja siku mkopo ulipotolewa, hivyo familia haijui kama ipo. Kagua taarifa ya mkopo mstari kwa mstari kutoka mwanzo. Ukiona makato madogo yanayojirudia, au mkato mmoja mkubwa wa siku ya kwanza usiofanana na ada nyingine, uliza ni wa nini.

Bima ya aina hii kwa kawaida hailipi familia. Inamlipa mkopeshaji salio lililokuwapo siku ya kifo, na rehani inafutwa. Ndiyo maana tarehe ya kifo ina uzito. Kama mmeendelea kulipa marejesho huku mkisubiri majibu ya bima, na bima ikaja kulipa salio la siku ile, mlicholipa baada ya hapo kinapaswa kurudi kwenu. Kidaini kwa maandishi, kwa sababu mara chache kinarudi chenyewe.

Madai ya bima yana muda wake wa mwisho, na muda huo umeandikwa kwenye mkataba. Usimwachie mkopeshaji afuatilie peke yake. Yeye ana nyumba ya kushika, kwa hiyo hana haraka. Bima ikikataa, itataja sababu: mkopaji hakutaja ugonjwa aliokuwa nao alipojaza fomu, ada ilikuwa haijalipwa, au umri ulikuwa umepita kikomo. Omba sababu hiyo kwa maandishi pamoja na nakala ya fomu aliyoijaza marehemu. Nimeona fomu ambayo majibu yote ya afya yalijazwa kwa mwandiko wa mtu wa benki, marehemu akiwa amesaini tu chini. Hiyo ni hoja ya kumpelekea mwanasheria.

Hatua ya 3: Soma hati ya rehani, utafute maneno "madeni yote"

Hapa ndipo warithi wengi wanapoumizwa. Rehani inaweza kulinda mkopo mmoja tu, ule wa nyumba. Au inaweza kuandikwa kwamba nyumba inalinda madeni yote ya mkopaji kwa mkopeshaji huyo, ya sasa na ya baadaye. Kwa rehani ya namna hii ya pili, mkopo wa biashara marehemu aliouchukua miaka mitano baadaye nao umekaa juu ya nyumba. Hata deni la kampuni ya rafiki yake aliyomdhamini linaweza kuwa humo.

Unalijuaje? Kwenye hati tafuta sehemu inayoeleza kiasi kinacholindwa. Ikitaja kiasi kimoja na mkopo mmoja, shusha pumzi. Ikisema "fedha zote zinazodaiwa wakati wowote kwa namna yoyote", usikubali kuambiwa salio la mkopo wa nyumba peke yake. Omba barua moja inayosema: tukilipa kiasi hiki, mtafuta rehani na kuachia hati. Barua ya namna hiyo inamfunga mkopeshaji kutaja yote mara moja, nayo huwa na tarehe ya mwisho kwa sababu riba inaongezeka kila siku.

Hatua ya 4: Amueni nani analipa wakati mirathi inasubiri

Kumpata msimamizi wa mirathi huchukua miezi, na rejesho halisubiri mahakama. Tuchukue mfano ambao tutakwenda nao hadi mwisho. Baba alikopa milioni 50 kwa miaka 15, riba asilimia 12 kwa mwaka, rejesho la mwezi 600,000. Sarafu iwe yoyote. Amefariki baada ya marejesho 79, na salio ni karibu milioni 38.

Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wa kwanza baada ya kifo riba peke yake ni 380,000. Wasipolipa kitu kwa miezi 5, deni linafika karibu milioni 39.9 hata kabla ya adhabu. Zaidi ya hapo, malimbikizo ndiyo yanayomfungulia mkopeshaji mlango wa kuuza. Mkopo unaolipwa ni vigumu zaidi kuugusa.

Kama nyumba ina mpangaji, kodi yake ndiyo chanzo cha kwanza. Kama hakuna, mwombeni mkopeshaji kwa maandishi apokee riba tu hadi msimamizi atakapopatikana. Wengi wanakubali, maana mnada una gharama na aibu yake. Mmoja wenu akilipa kutoka mfukoni, aandike kwenye stakabadhi "kwa niaba ya mirathi ya marehemu", na ndugu wengine wajulishwe kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Pesa hiyo atairudishiwa kabla ya mgawo. Asipoandika, miaka miwili baadaye kutakuwa na ndugu wa kusema ilikuwa ni msaada.

Nyumba ikibaki tupu, angalieni pia bima ya moto. Mikataba mingi inakata kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, na nyumba iliyoungua bila bima inaacha deni lake palepale.

Hatua ya 5: Jua mkopeshaji anaweza nini na hawezi nini

Mkopeshaji mwenye rehani hapangi foleni na wadai wengine wa marehemu. Aliyemkopesha marehemu bila dhamana anasubiri mali igawanywe. Huyu ana nyumba yake pembeni, na anaweza kuiuza bila kusubiri mirathi iishe. Hata katika mirathi ya Kiislamu, mafungu ya warithi yanapigwa baada ya madeni kutoka, si kabla.

Je, kifo chenyewe kinampa haki ya kudai deni lote kwa mkupuo? Inategemea mkataba na sheria ya mahali. Mikataba mingine inakitaja kifo kama sababu ya kuita mkopo wote, mingine haikitaji. Marekani kuna sheria ya mwaka 1982 inayomzuia mkopeshaji kuuita mkopo wa nyumba ya kuishi kwa sababu tu nyumba imehamia kwa ndugu baada ya mkopaji kufariki. Mahali pasipo na kinga kama hiyo, kifungu cha mkataba ndicho kinachoamua, na cha kufanya ni kuomba makubaliano mapya kabla hawajaandika barua ya kuita mkopo.

Akiamua kuuza, kuna utaratibu anaotakiwa kuufuata. Anatoa taarifa rasmi inayotaja kiasi kilichochelewa na siku za kukilipa. Taarifa hiyo inapaswa kwenda kwa mtu anayeisimamia mirathi, na taarifa iliyotumwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa ni hoja ya kuisimamisha mauzo mahakamani. Anatakiwa pia atafute bei ya haki, si bei ya kutosha kufuta deni lake tu. Kwa hiyo pateni mthamini wenu mapema. Nyumba ikipigwa mnada nusu ya bei, tathmini yenu ya miezi michache kabla ndiyo itakayozungumza.

Kikibaki chochote baada ya deni na gharama, ni cha mirathi. Kikipungua, pengo linakuwa deni la kawaida la mirathi, na mkopeshaji anaingia kwenye foleni pamoja na wengine. Warithi ambao hawakusaini kitu hawalipi pengo hilo kutoka mifukoni mwao. Ila msimamizi aliyewagawia ndugu mali nyingine huku akijua pengo lipo anaweza kudaiwa yeye, kwa hiyo asigawe kitu kabla ya kujua deni zima.

Hatua ya 6: Pigeni hesabu kabla ya kubishana nani abaki na nyumba

Turudi kwenye ule mfano. Watoto ni watatu na wanarithi sawa. Nyumba imethaminiwa milioni 90. Salio la mkopo wa nyumba ni milioni 38, na hati ya rehani ilikuwa ya madeni yote, hivyo mkopo wa biashara wa milioni 7 nao umo. Bima haikuwepo. Deni ni milioni 45.

Dada mkubwa anataka kubaki na nyumba. Kaka zake wanasema: nyumba ni milioni 90, sisi ni watatu, tupe milioni 30 kila mmoja. Hesabu hii nimeisikia mara nyingi sana. Wamegawana deni kama mali. Kinachogawanywa ni milioni 90 kutoa 45, sawa na milioni 45, na fungu la kila mmoja ni milioni 15.

Kwa hiyo dada anatakiwa awape kaka zake milioni 30 na abebe deni la milioni 45. Jumla ni milioni 75. Kama mkopeshaji anakopesha hadi asilimia 80 ya thamani, atapata milioni 72, na milioni 3 atazitafuta mwenyewe. Hapa sasa ndipo saini yake ina maana, kwa sababu anasaini mkopo wake mwenyewe kwa nyumba itakayokuwa yake. Benki itamkagua kama mkopaji mpya, kipato na umri wake, na inaweza kumkatalia. Urithi hauilazimishi benki kumkopesha.

Wakiuza wenyewe kwa milioni 90, na gharama za uuzaji zikawa asilimia 5, yaani milioni 4.5, kila mmoja anabaki na milioni 13.5. Sasa waache mambo yalale mpaka mnada. Tuseme nyumba inakwenda kwa milioni 65, deni limefika 49 na gharama za mnada ni milioni 4. Zinabaki milioni 12, milioni 4 kwa kila mmoja. Tofauti ya milioni 9.5 kwa kila mtoto imetokana na kutokuelewana tu.

Na kama nyumba ingekuwa na thamani ya milioni 30 dhidi ya deni la 45? Hapo ushauri wangu ni mfupi. Msilipe hata mwezi mmoja kutoka mifukoni, msisaini kitu, na msimamizi aongee na mkopeshaji kuhusu kuiuza kwa utulivu. Kuishikilia kwa sababu baba aliijenga ni kununua nyumba ya milioni 30 kwa milioni 45.

Swali moja zaidi linagombanisha ndugu. Wosia ukisema "nyumba ni ya binti yangu, akiba ni ya wanangu wawili", deni la nyumba linatoka wapi? Uingereza hadi mwaka 1854 aliyeachiwa nyumba aliweza kudai deni lilipwe kutokana na mali nyingine zinazohamishika, na wenzake wakabaki na mikono mitupu. Sheria ya mwaka huo ililigeuza jambo: anayepokea nyumba anaipokea na deni lake, isipokuwa marehemu ameandika vinginevyo. Nchi nyingi zilizofuata sheria za Kiingereza zinaelekea huko. Kwa hiyo binti akifurahia kuachiwa nyumba, aangalie kwanza fungu lake lina thamani gani deni likitolewa.

Hatua ya 7: Funga kwenye daftari la hati

Deni likiisha, iwe kwa bima, mauzo au mkopo mpya, kuna mtu mmoja zaidi wa kumwona. Mkopeshaji anatoa hati ya kufuta rehani, anakurudishia hati miliki ya asili, nawe unapeleka zote kwa msajili wa ardhi. Barua ya benki inayosema "mkopo umelipwa" haitoshi, maana rehani bado inasomeka kwenye daftari. Kufuta rehani na kuhamisha umiliki kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi ni maombi mawili, na msajili hupokea la kwanza kabla ya la pili. Baada ya wiki chache omba upekuzi mpya wa hati hiyo. Sehemu ya vizuizi inapaswa kuwa tupu, na jina la juu liwe la mrithi.